Hela za mauzo zinapungua na mwenzangu hataki kuulizwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuza mchele na maharage hapa Tandale, Dar es Salaam. Biashara si yangu peke yangu, ninaifanya na mdogo wangu mmoja wa hiari. Tulifahamiana tukiwa wapangaji wa nyumba moja. Alikuwa na kizimba sokoni lakini hana mtaji, mimi nilikuwa na akiba lakini sina mahali pa kuuzia. Tukakubaliana kwa mdomo: faida nusu kwa nusu, na kila mmoja ajitolee posho ya 5,000 kwa siku, basi. Karatasi hatukuandikishana. Nani anamwandikisha karatasi mtu aliyekulelea mtoto ulipolazwa?

Mambo yalienda vizuri mpaka mwaka huu. Mchele unauzika, wateja ni walewale, lakini kila tukitaka kufunga mzigo mpya tunakuta hela haitoshi magunia tuliyozoea. Mwanzoni nililaumu magunia. Wafanyabiashara wanajua, gunia linaloitwa la kilo 100 ukilipandisha mzani wako mwenyewe linaweza kusoma pungufu, na mchele ambao haukukauka vizuri nao hupungua uzito ukikaa. Nikaanza kupima kila gunia linaposhushwa. Upungufu ulikuwepo, ila ni wa kilo moja moja, hauwezi kumeza kiasi kile.

Hapo nikaona nisihesabu magunia, nihesabu siku. Asubuhi kabla ya mteja wa kwanza napima mchele wote uliofunguliwa. Jioni napima uliobaki. Tofauti ndiyo iliyouzwa, na hela yake lazima iwe mahali fulani: ndani ya mkebe, kwenye simu, au kwenye daftari la madeni. Njia hii ina uzuri wake, kwa sababu gunia likija pungufu halikuchanganyi, wewe unahesabu kilo zilizotoka mezani tu.

Nikupe siku moja, Jumanne ambayo maharage yalikuwa yametuishia tukauza mchele mtupu. Asubuhi kilo 90, jioni kilo 42. Zimetoka kilo 48, na kwa bei yetu ya 2,800 ni 134,400. Mama lishe alichukua kilo 10 kwa deni, toa 28,000. Posho zetu wawili, chakula na ushuru, toa 14,000. Zilitakiwa zibaki 92,400. Kwenye simu ziliingia 15,000. Kwenye mkebe, ukiacha chenji ya kuanzia, zilikuwa 62,000. Pengo 15,400.

Sikukurupuka, Shangazi. Mchele hauuzwi bila nyongeza. Usipomtilia mteja kile kiganja cha mwisho kesho anahamia meza ya jirani. Na anayenunua kilo tano kwenda juu tunamshushia 100 kwa kila kilo. Nikakadiria kwa ukarimu, nyongeza na punguzo nikavipa 5,000. Bado 10,400 hazina maelezo.

Nikaendelea kupima bila kusema. Siku ninazofunga mimi, pengo linacheza kwenye 3,000 au 4,000, yaani nyongeza na punguzo tu. Siku anazofunga yeye linapanda na kupita 10,000. Isipokuwa Jumapili. Jumapili mimi naenda kanisani na yeye anauza peke yake kutwa nzima, siku ambayo ingekuwa rahisi kuliko zote kuchukua, na pengo linarudi kuwa dogo. Jambo hilo lilinisumbua mpaka nilipokumbuka kuwa mwenzangu anacheza mchezo na wanawake wa safu ya pili. Kila mmoja anatoa 10,000 kwa siku, na kijumbe anapita kukusanya kila siku ya wiki ila Jumapili.

Sijamwona akitoa hela kwenye mkebe kumpa kijumbe. Hilo nalisema wazi. Lakini posho yake ni 5,000, ana watoto watatu, na hana biashara nyingine ninayoijua.

Nilimwita tukiwa tumeshafunga, nikamwonyesha daftari. Nilitarajia ataomba msamaha au atanitukana. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akauliza, "Dada, kumbe umekuwa ukinipima?" Nikamwambia nimepima mchele. Akasema labda ni makato ya kutoa hela kwenye simu, kwa sababu wateja wanalipia kwenye laini yake. Tukafungua ujumbe mmoja mmoja. Makato yapo, ila ni madogo, na siku ile ya Jumanne hakutoa hata shilingi.

Akanyamaza, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. "Saa kumi na moja alfajiri mimi nipo hapa napokea mzigo na kuchagua mawe kwenye mchele. Wewe unafika saa tatu umeshakunywa chai. Kizimba ni changu, kodi hujawahi kunilipa. Halafu tunagawana nusu kwa nusu. Kama kuna hela nimechukua, nimechukua jasho langu."

Sasa huko ni kukiri au si kukiri? Usiku ule sikulala. Kinachonikera ni kwamba kuhusu alfajiri hakusema uongo. Mtaji ni wangu, lakini miguu ya biashara ni yeye. Angeniambia, "Dada, tupange upya," ningempa. Yeye amejipangia mwenyewe kimyakimya, na kila jioni ananitazama usoni tukihesabu hela ambayo anajua imepungua.

Mume wangu anasema nichukue mtaji wangu nitoke, na akileta ubishi nimpeleke Mahakama ya Mwanzo. Binamu yangu anayesomea sheria ananiambia kukosa karatasi hakuui ubia, kwamba Sheria ya Mikataba inatambua ubia hata wa mdomo, na pale ambapo watu hawakupatana vingine faida na hasara ni sawa kwa sawa. Nimemwelewa. Lakini mahakamani nitapeleka nini? Daftari nililoliandika mwenyewe, kwa siri, bila sahihi yake.

Na kutoka si kuchukua mkoba na kuondoka. Kizimba kiko kwa jina lake. Mama lishe na wenzake wana madeni yetu ambayo wamezoea kumlipa yeye. Halafu kuna mzigo wa Mbeya ambao tajiri anatuletea kwa mali kauli, tunalipa tukishauza. Anamwamini yeye, lakini hela ikikosekana atakayetafutwa ni mimi mwenye mtaji.

Mzee mmoja wa safu yetu ambaye wote tunamwita baba ameshauri tufunge siku mbili. Tupime kila kilichopo, tuandike madeni yote, kisha tuanze upya: yeye posho ya 10,000 na mimi 5,000, kizimba kikatiwe kodi kutoka kwenye mauzo kabla ya faida, wateja walipie kwenye laini ya biashara, na jioni tupime wote wawili na kutia sahihi. Mwenzangu amekubali yote isipokuwa kupima. Anasema kupimwa kila jioni ni kuitwa mwizi kila jioni. Mimi bila mzani sirudi.

Naomba unisaidie katika mambo mawili, Shangazi. Je, nimlazimishe mzani, au nikubali tupime mara moja kwa wiki kama alivyopendekeza mzee baada ya kuona tumekwama? Na yale yaliyokwisha kupotea, niyadai, au niyahesabu kuwa kodi ya kizimba ambayo kweli sikuwahi kulipa?

Mzigo wa Mbeya unashushwa Ijumaa na tajiri anasubiri kuambiwa auandike kwa jina la nani. Nijibu mapema ukiweza.

Muuza mchele, Tandale