Barua ya Wazi kwa Katibu wa Wizara: Folio ya 15 Iko Wapi?

Mheshimiwa Katibu,

Mwezi uliopita, katika ofisi moja ya umma hapa Nairobi, karani wa masijala alitufungulia faili ya mafao ya marehemu baba yangu. Kila barua ilikuwa na namba ya folio iliyoandikwa kwa wino mwekundu pembeni, na baada ya 14 ilifuata 16. Folio ya 15 ilikuwa barua ya chifu ya kuthibitisha warithi, na bila hiyo hakuna ofisa aliyekuwa na ruhusa ya kulipa.

Rundo la karatasi zisizo na namba haliwezi kumwambia mtu kwamba limepungua. Faili yenye folio hujishtaki yenyewe. Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, alieleza kuwa urasimu husimama juu ya kanuni, ngazi za madaraka na kumbukumbu za maandishi, ili kazi iendelee hata mwenye cheo akihamishwa. Mama yangu hakumjua mtu yeyote katika ofisi ile, wala hakupaswa kumjua, kwa kuwa zile folio 14 za kwanza zilimsemea. Utaratibu huo nautetea kwa moyo wote.

Tuliumia pale ofisa mmoja alipoichomoa barua ya chifu ili ampelekee mkubwa wake, badala ya kupeleka faili nzima, wala hakuacha kikaratasi cha kuonyesha nani ameichukua na lini. Kisha yakafuata madokezo. Mkubwa aliandika “Tafadhali shughulikia”, wa chini akajibu “Kwa maelekezo yako”, na faili ikapanda na kushuka hivyo mara tano, bila tarehe na bila uamuzi. Wote watano waliiona namba ikiruka, lakini kila mmoja, akiisha kutia sahihi, alikuwa salama: ngazi ilimruhusu kuupitisha mzigo bila kuubeba.

Wapo watakaosema kompyuta itamaliza tatizo hili. Faili isiyo na folio ya 15 ikipigwa skani, itakosa folio hiyo hata kwenye skrini.

Naomba uagize kwamba folio isitolewe bila kikaratasi, na kwamba kila dokezo litaje folio inayohusika, hatua inayotakiwa na siku ya kurudi, ambayo masijala itaiandika katika shajara yake na kuifuatilia. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika hatua za kiutawala inampa mwananchi aliyeathiriwa haki ya kuomba sababu za uamuzi, na ofisa ana miezi 3 ya kuzitoa. Asipozitoa, huchukuliwa kuwa hakuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Katika madokezo yale matano sikuona sababu hata moja ambayo ofisi ingeweza kutupa.

Chifu alibaki na nakala, na mama ataileta Jumatatu. Naomba ipewe folio mpya, pamoja na dokezo lenye tarehe na sahihi linaloeleza kwa nini ya 15 haipo.

Wako mwaminifu,
Binti wa marehemu