Nnunduma si Mnunduma

Lindi, Januari

Mpenzi Mama Hadija,

Salaam sana, wewe na Baba Hadija, na poleni na palizi. Picha za karatasi za watoto nimezipata zote, na ile ya cheti cha kuzaliwa nimeikuza mpaka nikaona vizuri. Usiende shuleni kwanza kama ulivyopanga. Nitakueleza sababu.

Angalia cheti cha Hadija. Penye jina la mtoto pameandikwa Hadija Salumu Mnunduma. Shuka chini penye jina la baba: Salumu Bakari Nnunduma. Karatasi moja, mkono mmoja, na ukoo umeandikwa kwa namna mbili. Hicho ni cheti cha ule usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ulioingia Lindi na Mtwara mwaka 2017, vyeti vikitolewa kwenye kata na zahanati na kujazwa kwa kalamu. Majina yetu ya huku yanayoanza na N mbili humtatiza mwandishi aliyezoea mnazi na mnada: anasikia Nnunduma, mkono unaandika Mnunduma. Lakini kwako ni nafuu, maana cheti chenyewe kinashuhudia kwamba kosa ni la kalamu. Huombi kumbadilishia mtoto jina, unaomba herufi moja irudi mahali pake. Maneno hayo yatumie hivyohivyo ukifika dirishani, kwa sababu kubadili jina ni njia nyingine kabisa, na ni ndefu zaidi.

Shuleni ameandikwa Khadija Salum Mnunduma. Hapo kuna tofauti tatu: K imeongezeka, u ya Salumu imeanguka, na M ileile ya cheti. Ukipeleka cheti kama kilivyo, mwalimu atarekebisha mbili za kwanza na ya tatu ataiacha, na atakuwa na haki, kwa kuwa yeye hufuata cheti. Ndiyo maana nasema uanze na cheti.

Ofisi ya RITA ya wilaya iko kwa Mkuu wa Wilaya. Nenda na cheti halisi, kadi ya kliniki ya Hadija, kitambulisho cha NIDA cha baba yake, na lile tangazo la kizazi la hospitali kama bado unalo. Karatasi iliyoandikwa karibu na siku ya kuzaliwa ina nguvu kuliko iliyoandikwa jana, kwa hiyo kadi ya kliniki hata ikiwa imechakaa usiiache nyumbani. Baba Hadija akiweza kwenda mwenyewe ni vizuri zaidi, kwa kuwa ukoo unaobishaniwa ni wake. Andikeni na barua fupi: jina lilivyo kwenye cheti, jina linavyotakiwa kuwa, namba ya cheti, na ushahidi mlioambatanisha. Majina yote mawili yaandikeni kwa herufi kubwa, ili N na M zisibaki za kukisia.

Swali la kwanza la kumuuliza afisa ni hili: kwenye kumbukumbu zenu huyu mtoto ameandikwaje? Watu wengi hawaulizi. Cheti ni nakala tu ya kilichosajiliwa. Ikiwa kumbukumbu inasema Nnunduma na aliyekosea ni mjazaji wa cheti, basi kinachohitajika ni cheti kingine kinachofuata kumbukumbu. Ikiwa kosa limo mpaka kwenye kumbukumbu, hapo ndipo ushahidi wenu unapopimwa na kumbukumbu yenyewe kusahihishwa. Mkipewa cheti kipya bila kumbukumbu kuguswa, tatizo limefichwa tu. Siku cheti kitakapopelekwa RITA kuhakikiwa, kitalinganishwa na kile kilichosajiliwa. Malipo yoyote yawe kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti uitunze. Na tafadhali, pasitokee mtu mwenye wembe au rangi nyeupe akajidai kuisahihisha ile M nyumbani. Cheti kilichokwaruzwa hakipokelewi popote.

Kuna atakayekuambia kiapo kinatosha. Kiapo cha wakili au cha mahakamani kinasema tu kwamba Mnunduma na Nnunduma ni mtu mmoja. Hakibadilishi kitu kwenye cheti wala kwenye kumbukumbu. Kama kiambatanisho kinasaidia, lakini mtoto wa darasa la saba kuanza maisha akitembea na kiapo mfukoni wakati cheti chenyewe kinasahihishika, mimi sioni sababu.

Ukishapata cheti kilichonyooka, ndipo uende kwa mwalimu mkuu na nakala yake na barua. Hapa kuwa makini. Daftari la mahudhurio si lenye uzito. Lenye uzito ni PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani ambamo kila mwanafunzi ana namba yake, na jina lililomo humo ndilo linalokwenda kwenye mtihani na kumfuata sekondari. Mwalimu anaweza kukata jina kwa wino mwekundu darasani mbele yako, ukaondoka umeridhika, na kwenye mfumo Khadija akabaki palepale. Mwombe akuonyeshe jina kwenye PReM baada ya kurekebisha, ulisome mwenyewe. Mtihani ni Septemba, lakini usajili wa watahiniwa hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo mjulishe mwalimu mkuu kwa barua tangu sasa kwamba marekebisho ya cheti yanaendelea, asije akafunga orodha bila kujua.

Sasa Bakari, kaka yake Hadija. Kwake mambo ni kinyume. Cheti chake cha kidato cha nne kimeshatoka kikisema Bakary Salum Mnunduma, na Baraza halikai kuandika upya vyeti vya watu waliokwisha kufanya mtihani kwa sababu nyumbani wanatamka vingine. Akiomba mkopo wa chuo, fomu ya Bodi ya Mikopo inaanza na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na jina linaletwa kutoka huko. Kisha anatakiwa kuweka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, ambacho kinasema Bakari Salumu Nnunduma. Wanaosoma fomu zile hawamjui baba yake wala kijiji chake, wanaona majina mawili tu. Kwa hiyo yeye aende kwa wakili aandikiwe hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, na jina analolichukua liwe lile la cheti cha mtihani, herufi kwa herufi, na ile y yake. Baba yake hatafurahi, namjua. Lakini umesema Bakari bado hajajiandikisha NIDA: asijiandikishe kwa jina la nyumbani kabla hati haijatoka, kwa maana laini ya simu, benki na pasipoti vyote vitafuata NIDA, na hapo atakuwa na vitu vitatu vya kupatanisha badala ya viwili.

Cheti kipya cha Hadija ukikipokea, kisome hapohapo dirishani kabla ya kusaini: jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe, kijiji. Kisha nitumie picha.

Wasalimie wote.

Wako,
Mama Nasra