Yah: Skrinshoti yangu ya makato na jibu lenu la "tumekanseli zote"

Kwa Meneja wa Kastoma Kea,

Habari ya kazi. Mimi ni mteja wa benki yenu hapa Nairobi, nina kaduka ka vitambaa huku Eastleigh, na namba ya akaunti mnayo kwa ile meseji niliwatumia WhatsApp tarehe 2 Oktoba, kwa hivyo sitairudia. Siku hiyo niliwatumia skrinshoti ya makato ya Septemba na maneno mawili tu, kanseli hizi. Nakubali hapo nilizembea, nilikuwa na wateja kaunta na nilikuwa nimeshikwa na hasira. Lakini mtu wenu hakuniuliza hata swali moja. Baada ya dakika kama ishirini akanijibu "tumekanseli zote mama, kadi mpya itakuwa tayari tarehe 6", nikadhani mambo yameisha.

Hii ndiyo mistari yenyewe, kiasi nimetoa maana hayo ni yangu:

```
03/09  POS SUPERMARKET NBI
05/09  UBER *TRIP
06/09  APPLE.COM/BILL
09/09  NETFLIX.COM
11/09  GOOGLE *Google One
14/09  APPLE.COM/BILL
15/09  STANDING ORDER
30/09  LEDGER FEE
30/09  EXCISE DUTY
```

Sasa niwaambie mlichofanya, nimekuja kujua nilipofika tawini. Mlifunga kadi, mkanikata shilingi 600 ya kadi mpya, halafu mkafungua malalamiko ya kurudishiwa pesa kwa ile mistari mitatu ya kwanza, bila mimi kusaini chochote. Supamaketi! Hiyo shoping nilifanya mwenyewe, nikaweka PIN mwenyewe, unga na mafuta tumeshakula. Sasa naona shilingi 4,315 imerudi kwa akaunti, na yule dada wa tawini ameniambia ni ya muda tu, supamaketi ikitoa risiti inaondolewa tena. Mimi sitaki chakula cha bure, na sitaki kuonekana mwizi kwa duka ninaloingia kila wiki. Uber pia nilipanda, nikafika. Hiyo ni safari moja, imelipwa, imeisha, hakuna kitu cha kukanseli hapo.

Pale Apple ndipo mngeuliza, maana mistari ni miwili na jina ni lile lile, APPLE.COM/BILL, haisemi ni nini kilinunuliwa. Lakini nyinyi mna steitmenti zangu za nyuma, mngefungua Julai na Agosti mngeona ile ya tarehe 14 iko kila mwezi, kiasi kile kile, na ya tarehe 6 haiko popote. Ya tarehe 6 ni kozi ya picha msichana wangu alinunua mara moja, nilimruhusu. Ya tarehe 14 ni apu ya kuhariri picha, alianza na ile ya kujaribu bure akasahau. Hata hivyo kutokea mara moja si ushahidi kamili, kuna zingine zinakatwa kwa mwaka, ukiangalia miezi mitatu unadhani imeisha kumbe inakusubiri. Ndiyo maana mimi nilienda kuhakikisha kwa reportaproblem.apple.com, pale unaona kila kitu kwa jina na tarehe. Na nilihangaika kidogo, niliingia na akaunti yangu sikuona kitu, kumbe kadi ni yangu lakini akaunti ya Apple ni ya msichana. Ikabidi yeye mwenyewe ashike simu yake, Settings, abonyeze jina lake, Subscriptions, achague hiyo apu, Cancel Subscription. Tulifanya tarehe 10 maana ukingoja siku yenyewe umechelewa, inatakiwa siku moja kabla hivi.

Kufuta apu kwa simu hakusimamishi kitu, hilo pia nataka muwaambie watu wenu, maana kijana wa simu aliniambia "futa tu apu mama." Hapana. Apu inaenda, makato yanabaki.

Netflix ndiyo imenifanya niandike hii barua. Watoto wameenda bodingi, hakuna anayeangalia, hiyo nilitaka iishe kweli. Nyinyi mkasema zote zimekanseliwa, nikatulia. Tarehe 9 Oktoba, siku tatu tu baada ya kuchukua kadi mpya, Netflix ikakata KWA KADI MPYA na mimi sijaandika hiyo namba mahali popote. Nilishtuka nikadhani nimeibiwa. Dada wa tawini ndiye alinielewesha, kwamba Visa na Mastercard zina huduma ya kupelekea kampuni namba mpya ya kadi benki ikiwa imejiunga, kwa hivyo kubadilisha kadi si kukanseli. Yaani mnajua hivyo, na bado mnatumia kadi mpya kama dawa ya kila ugonjwa, tena mnaiuza. Netflix nilimalizana nayo mwenyewe jioni hiyo, nikaingia kwa brauza, Account, Cancel membership. Itaonyesha hadi mwezi niliolipa uishe, sawa, hiyo pesa sidai kwenu.

Google One sikutaka iguswe, ndiyo inabeba imeili za oda za duka. Kwa bahati iko sawa. Ningetaka kuitoa ningeenda Play Store, nibonyeze picha yangu, Payments & subscriptions, Subscriptions, na nimalizie hapo hapo, si lazima niwasumbue.

Sasa njooni kwa standing oda. Kwa mistari yote tisa huu ndio ulikuwa wenu peke yenu, mimi ndiye niliwaagiza kutuma pesa ya ploti kila tarehe 15, na ploti ilimalizika kulipwa Agosti. Netflix haiwezi kuisimamisha, Apple haiwezi, ni nyinyi tu. Na hiyo ndiyo mliacha! Iko bado, kesho kutwa inatoka tena, nimeiona kwa apu yenu imeandikwa Active. Mlihangaika na unga wangu mkaacha ploti.

Leja fii na eksaizi najua hazikanseliwi, moja ni ya aina ya akaunti na nyingine ni kodi inayofuata ada. Lakini mtu angeniambia kuna akaunti isiyo na leja fii ningehama, hilo swali bado nawauliza.

Kwa hivyo naomba hivi. Simamisheni standing oda leo, kabla ya tarehe 15, na mnitumie uthibitisho kwa maandishi. Ondoeni malalamiko kwa supamaketi, Uber na ile Apple ya tarehe 6, na mchukue hiyo 4,315 yenu sasa badala ya kunishtukiza baadaye nikiwa nimeshaitumia. Rudisheni 600 ya kadi, kadi yangu haikuwa imeibiwa na sikuomba nyingine. Na kadi yangu itolewe kwa hiyo huduma ya kupeleka namba mpya, kama inawezekana kwa upande wenu, kama haiwezekani niambieni hivyo hivyo.

Nimeambatanisha ile skrinshoti tena, safari hii nimezungusha nyekundu mistari mitatu, Netflix, Apple ya tarehe 14 na standing oda. Mbili nimeshamaliza mwenyewe. Imebaki yenu. Ikifika tarehe 15 pesa itoke tena, nitabeba hizi karatasi zote nizipeleke Benki Kuu pale Haile Selassie.

Mteja wenu,
Mama Vitambaa, Eastleigh
Tarehe 13 Oktoba