Neno la shukrani mtalisema wawili

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Nimefurahi sana kusikia kwamba ukumbini mtatoa neno la shukrani wote wawili, si bwana harusi aseme peke yake na wewe usimame pembeni ukitabasamu. Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi hapa mjini, basi nikwambie mnavyoweza kugawana.

Maharusi wengi kila mmoja hushukuru kwao. Ninyi pishaneni. Wewe washukuru wakwe zako waliopanda treni kutoka Tabora, yeye awashukuru wazazi wako wa Kasulu. Maneno yako mama yako ameshayasikia kwenye sendofu, tena alilia. Anachongoja usiku huo ni kumsikia mkwe wake akisema mbele ya ukoo mzima, "Mama, asante kwa kunilelea mke."

Kamati ishukuriwe na mmoja tu, la sivyo mtarudia yale yale. Apewe mumeo, maana ndiye aliyehudhuria vikao. Amtaje mwenyekiti na mweka hazina, kisha aseme jambo moja walilolifanya, kama kuzunguka usiku kufuatilia ahadi za michango. Waliochanga msiwasome majina. Mkitaja kumi, wa kumi na moja atakaa ajiulize mchango wake ulikuwa na kasoro gani. Semeni kwa makundi: majirani wa Gungu, wanakwaya, wafanyakazi wenzenu. Kiasi cha fedha kisitajwe kabisa.

Maiki isiwe inaruka kila sentensi; wageni watachoka kugeuza shingo. Anza wewe kwa kuwakaribisha na kuwashukuru wakwe. Mpe yeye: wazazi wako, kamati, makundi, wasimamizi wenu. Halafu palepale, kabla hajakurudishia, akugeukie akwambie lake. Unapokea, unamjibu, mmemaliza.

Hapo pa kuambizana ndipo wengi huharibu, wanajaza "wewe ni kila kitu kwangu" mpaka ukumbi unaanza kupiga soga. Sema ulichokiona kwa macho yako. Mwambie, "Siku ile mvua imeharibu barabara, ulifika kwetu Kasulu kwa bodaboda, suruali tope mpaka magotini, na bado ukampigia baba magoti." Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha, na baba yako mwenyewe atazithibitisha kwa kicheko.

Yote yasizidi dakika tano. Yaandikeni kwenye karatasi ngumu, myasome kwa sauti mkiwa wawili na saa mezani. Yakizidi, punguzeni kwenye makundi, wazazi msiwaguse. Na mwambieni mshereheshaji mapema awapangie mara baada ya keki, kabla ya chakula. Sahani zikishaanza kugongana, hata spika kubwa haisaidii, na wa mbali huwa wanaaga.

Ukishaandika sehemu yako nitumie niisome kabla ya kikao cha Jumamosi.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Mwanga