Thamani ya mzigo iandikwe kama ilivyo

Mhariri,

Nauza leso Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Juzi nilituma marobota 3 kwa mteja wangu wa Kisumu, yakafika 2. Kila robota lilikuwa na korija 4, yaani doti 80, na ankara niliyonunulia ilionyesha shilingi 600 kwa doti. Robota lililopotea lilinigharimu 48,000. Kampuni ya usafirishaji imenilipa 10,000.

Ankara hawakuibisha. Kilichonifunga ni risiti ya mzigo. Siku ya kutuma, karani aliniuliza thamani, nikamwambia 144,000. Akanishauri: “Mama, tuandike elfu thelathini tu, ada ipungue.” Ada yao ya thamani ni asilimia 1, kwa hiyo nililipa 300 badala ya 1,440, nikatia sahihi. Nyuma ya risiti, kwa herufi ndogo mno, imeandikwa kwamba fidia haitazidi thamani aliyotaja mwenye mzigo. Wakagawa 30,000 kwa marobota 3. Kwa kukwepa shilingi 1,140 nimepoteza 38,000, na karani yule hayumo popote katika karatasi hizo.

Ningependa wenzangu waelewe kwamba ankara na thamani ya kwenye risiti ni vitu viwili. Ankara huthibitisha hasara uliyoipata. Thamani uliyotaja huweka kikomo cha kulipwa. Ukitaja 200,000 kwa mali ya 144,000, bado utalipwa kwa ankara. Tena, ni bei uliyonunulia, si ile ambayo ungeuzia.

Hata hiyo elfu kumi niliipata kwa sababu mteja wangu alihesabu kabla ya kusaini. Aliandika kwenye hati ya kupokelea, “Nimepokea marobota 2, moja halipo,” na dereva akasaini chini yake. Angeweka sahihi tupu, wangesema yote yamefika. Barua ya madai niliipeleka mwenyewe ofisini pamoja na nakala za risiti, hati hiyo na ankara, na nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Anayezungushwa baada ya hapo anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima awe na wakili.

Sasa kila robota naliandikia thamani yake peke yake, na idadi ya doti zilizomo, ili likipotea moja pasiwe na kugawanya.

Kwa wenye kampuni, nawaomba wawakataze makarani wao kuwapunguzia wateja thamani. Na lile sharti la nyuma ya risiti liletwe mbele, kwa Kiswahili, juu ya mahali pa sahihi.

Muuza leso,
Mtaa wa Biashara, Mombasa