Stampu ya chama, naomba jibu kabla ya Alhamisi jioni

Wapendwa hamjambo, poleni na mvua. Sampo ya stampu imetoka kwa fundi nikaigonga kwa karatasi na sijaipenda, wacha niwaeleze.

1. Stampu ni milimita 40, maandishi yanazunguka milimita 16 kutoka katikati, so duara lote ni kama milimita 100 na upande wa juu tunapata kama 67 hivi. Jina letu ni herufi 38 ukihesabu na nafasi, kila moja inataka kama milimita 2, hiyo ni kama 76, ndio maana zimebanana hivyo. Kukata jina hatuwezi, lazima lifanane na cheti. Naonelea neno KISUMU lishuke chini, juu zibaki 31, hapo inaingia.

2. Hiyo ya chini vichwa vya herufi viangalie katikati, isomeke kushoto kwenda kulia. Kwa sampo imepinduka, ukisoma lazima ugeuze barua 😅

3. Samaki wa katikati ana magamba mob, wino ukijaa anakuwa doa tu. Abaki umbo lake na jicho, ngege atajulikana tu.

Mchango ni mia kila mtu, mtumie mwekahazina. Jumamosi saa nane mchana tukutane kwake Nyalenda tugonge sampo mpya kabla fundi hajachonga raba, maana akishachonga hakuna kurekebisha.

Kila mtu aandike NDIO ama HAPANA kwa namba 1 na 3, na kama Jumamosi unakuja. Mama Achieng na wewe pia, usisome tu unyamaze 🙏