Kipindupindu cha London hakikuishia kwenye mpini wa pampu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kipindupindu cha London imemweleza vizuri Dakta John Snow, aliyeonyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji machafu, ila imeishia pale wanapoishia wengi: pampu ya mtaa wa Broad, Septemba 1854, mpini unang'olewa, ugonjwa unakwisha. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji kwa muda mrefu, na masimulizi hayo hunikera kidogo. Si ya uongo, lakini yanaruka miaka 12 iliyofuata, na humo ndimo mlimo na mambo.

Tuanze na mpini wenyewe. Uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati vifo vilikuwa vimeshaanza kushuka kwa sababu wakazi wengi wa Soho, eneo la pampu hiyo, walikwishakimbia. Faida yake ilikuja kuonekana baadaye, kasisi wa eneo hilo, Henry Whitehead, alipopita nyumba hadi nyumba akiuliza nani aliugua lini. Aligundua kwamba katika nyumba namba 40, mkabala na kisima, mtoto mchanga alishikwa na kuhara mwishoni mwa Agosti, na mama yake akawa anamwaga maji ya kufulia nepi kwenye shimo la majitaka la nyumba hiyo. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yamelegea, na kutoka hapo hadi kisimani hapakufika hata mita moja. Baba wa mtoto naye aliugua kipindupindu tarehe 8, siku ileile ya mpini, na uchafu wake ukaishia kwenye shimo lilelile. Kama watu wangekuwa bado wanachota, pengine Soho ingepata wimbi la pili. Kwa hiyo mpini ulisaidia, lakini si kwa namna mliyoieleza.

Hata hivyo, jiji la watu zaidi ya milioni mbili haliokolewi kwa kufunga kisima kimoja. Majitaka ya London yalikuwa yakiingia mto Thames, na makampuni ya maji yalikuwa yakivuta maji ya kunywa humohumo. Mwaka 1852 Bunge lilitunga sheria ya kuyalazimisha makampuni kuchukua maji juu zaidi ya mto, kuyachuja kwa mchanga, na kufunika matangi yaliyo karibu na jiji. Upande wa majitaka ulisubiri hadi kiangazi cha 1858, mto uliponuka kiasi cha wabunge kushindwa kukaa kwenye jengo lao. Hapo ndipo fedha zikapatikana. Wengi wao waliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu, kwa hiyo walilipia mradi sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Snow alifariki Juni mwaka huohuo.

Mhandisi Joseph Bazalgette hakuanza upya na kila mtaa. Mifereji ya zamani ilikuwa ikiteremka kuelekea mtoni, naye akaikata njiani kwa mifereji mikuu inayokwenda sambamba na mto, kutoka magharibi kwenda mashariki, jumla yake kama kilomita 130. Ile ya juu ilijiendesha yenyewe kwa mteremko. Ile ya bondeni ilifika mashariki ikiwa chini mno, ikabidi majitaka yanyanyuliwe kwa pampu za mvuke ili yaendelee hadi Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Huko yalihifadhiwa kwenye matangi mpaka bahari inapokupwa, ndipo yakafunguliwa yachukuliwe na maji. Mfumo wa namna hii una kiungo kimoja dhaifu: pampu isipokuwapo, mfereji wa bondeni ni bure. Pampu za Crossness zilizinduliwa Aprili 1865. Za Abbey Mills, zilizotakiwa kunyanyua majitaka ya bondeni kwa upande wa kaskazini, zilikuwa bado zinajengwa.

Kipindupindu kikarudi katika pengo hilohilo. Tarehe 27 Juni 1866 kibarua mmoja na mkewe walikufa huko Bromley, mashariki ya London, na choo chao kilikuwa kikimwaga kwenye mto Lea. Jirani na mto huo, eneo la Old Ford, Kampuni ya Maji ya East London ilikuwa na matangi yake. Mnamo Julai vifo vikalipuka. William Farr, mtakwimu aliyekuwa akikusanya taarifa za vifo kila wiki, alipanga namba zake kwa kampuni iliyopeleka maji badala ya kuangalia mitaa peke yake. Maeneo mengine ya jiji, ambayo majitaka yake yalikuwa yameshaunganishwa, yaliguswa kidogo tu. Mashariki, ndani ya eneo la kampuni hiyo moja, watu walikuwa wanakwisha. Ni Farr huyuhuyu ambaye baada ya mlipuko wa 1849 alikuwa akiandika kwamba kipindupindu hutokana na hewa mbaya ya sehemu za bondeni.

Sasa hapa, Mhariri, pana jambo la kwenu. Mhandisi wa kampuni, Charles Greaves, aliandika barua kwa gazeti la The Times mwezi Agosti akisema hakuna hata tone moja la maji yasiyochujwa lililopelekwa kwa wateja kwa miaka kadhaa. Barua ikachapishwa. Kisha wateja wawili wakatoa taarifa kwamba wamekuta mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mabomba ya nyumba zao.

Msomaji asiyejua mitambo huenda akacheka, lakini kwa sisi wa kazi hii ule ni ushahidi uliokamilika. Chujio la mchanga ni kitanda kinene cha mchanga juu ya kokoto. Maji hushuka polepole, na juu ya mchanga hujijenga utando mwembamba wa viumbe hai unaokamata vimelea. Mkunga hawezi kupita hapo, awe mdogo namna gani. Akionekana bombani, basi yapo maji yaliyozunguka chujio. Daktari Netten Radcliffe, aliyetumwa na serikali kuchunguza, alikuta kwamba pembeni ya matangi yaliyofunikwa palikuwa na mabwawa ya zamani yaliyo wazi, na bado yalikuwa yameunganishwa nayo. Fundi wa kampuni alikiri kwamba mara kadhaa maji ya mabwawa yalikuwa yameingizwa kwenye mfumo. Mabwawa yenyewe yalikuwa yakipenyezewa maji ya mto Lea kupitia ardhini.

Waliokufa London mwaka huo ni zaidi ya 5,500, na sehemu kubwa mno ni wa mashariki. Chujio lilikuwapo, sheria ilikuwapo, hata mfereji mkuu ulikuwa karibu kukamilika. Kilichokosekana ni pampu za Abbey Mills na mtu wa kuziba njia ya mabwawa. Pampu za muda zilifungwa baada ya mlipuko, Abbey Mills ikaanza kazi 1868, na tangu 1866 London haijapata tena mlipuko mkubwa wa kipindupindu.

Kwa hiyo sentensi yenu inayosema jiji hilo "lilishinda kipindupindu mwaka 1854" naomba irekebishwe. Na kama mna nafasi ya makala ya pili, mtafuteni mtu aandike habari za Old Ford peke yake.

Ni mimi,
Msomaji wenu, fundi mitambo ya maji mstaafu,
Tanga